Mbalamwezi baada ya eda

Kwetu Ujiji, Kigoma, hatujui kuzika mtu kimyakimya. Akifa baba wa nyumba alfajiri, kabla ya adhuhuri turubai limeshasimama, masufuria makubwa yametoka kwa majirani, wanawake wamejaa mikekani, na daftari la rambirambi liko mkononi mwa kijana mwenye mwandiko wa kusomeka. Shoga yangu alipofiwa na mumewe, katikati ya Januari 2024, siku za mwanzo za Rajabu, alipata yote hayo na zaidi, kwa kuwa marehemu alikuwa mvuvi wa dagaa na watu wa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia, wanajuana kutoka Kibirizi mpaka Katonga. Kiharusi kilimkuta nyumbani, si ziwani, na hakumaliza hata wiki.

Sina neno baya juu ya msiba wenyewe. Siku za matanga watu walijaa, hitma ikasomwa, na arobaini ilipofika walirudi tena, ingawa mikeka haikujaa kama mwanzo. Ninachotaka kusimulia kilianza baadaye, pale kila mtu alipoamini kwamba mambo yamekwisha.

Kwa mjane asiye na mimba, eda ni miezi 4 na siku 10, tena miezi ya mwandamo. Muda wote huo analala nyumba ileile aliyoachwa na mumewe, hapaki wanja wala hina, hajitii manukato, na hatoki ila kwa haja ya kweli. Wasioijua huiona kama kifungo. Mimi nilikaa karibu nayo nikaona kingine: ilimpa ruhusa ya kutokuwa na jibu la lolote. Hakuna aliyemuuliza atafanya biashara gani, nyumba ataitunzaje, mtoto wa kidato cha tatu atarudi shule na nini. Na kwa kuwa watu walijua wakienda watamkuta, walikwenda. Bibi wa jirani alileta uji kila asubuhi. Mawifi walipokezana kulala naye. Mtu mwenye majonzi mapya hana nguvu ya kualika wageni, na eda ilimwalikia.

Siku ya kutoka eda tukakusanyika. Akaoga, akavaa dera jipya, udi ukafukizwa, tukala wali na kuku. Kuna aliyempigia kigelegele kidogo, akanyamaza haraka alipoona wenzake wanamtazama. Jioni mawifi wakafunga mabegi yao. Bibi wa uji akasema, "Sasa mwanangu umeshatoka, Mungu akufungulie milango," na uji ukakoma siku hiyohiyo.

Sioni kama walimtupa. Niliwauliza baadhi yao baadaye, kwa njia ya mazungumzo tu, na jibu lilikuwa lilelile: "Hatutaki kumkumbusha." Walidhani huzuni imelala na wao wakipita wataiamsha. Wengine walikuwa na sababu ambayo haisemwi mbele za watu. Mjane aliye kwenye eda ni wa kuhurumiwa, lakini mjane aliyetoka eda, bado kijana, anaanza kutazamwa kama mwanamke asiye na mume, na nyumba zenye waume zinamfungia mlango taratibu. Mialiko ya shughuli ilianza kumpita. Aliijua sababu, na hakuwahi kuitamka mbele yangu ila kwa kicheko kimoja kikavu.

Mimi nimehamia Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, lakini nilizaliwa Ujiji na tulianza wote kuanika dagaa tukiwa wasichana. Niliendelea kumpigia simu, na kila nikiuliza "Unaendeleaje?" alinijibu "Alhamdulillahi." Swali hilo lina jibu moja tu kwa mtu aliyelelewa vizuri, kwa hiyo nikaliacha. Nikaanza kuuliza vitu vidogo ambavyo haviwezi kujibiwa kwa dua: umepika nini, umeamka saa ngapi, jana ulilala na nani chumbani. Ni hilo la mwisho lililoleta jambo. Alinyamaza, kisha akasema, "Shoga, mwezi ukiwa mkubwa mimi silali kabisa. Mwezi ukifa nalala kama mtoto."

Asiyekulia mwaloni angedhani ni mambo ya majini. Mimi nilielewa papo hapo, na nitaeleza kwa wasio wa Kigoma.

Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, lakini kazi ni ileile: taa inawavuta dagaa juu, wavu unapita chini yao. Inahitaji giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wake unatapakaa juu ya maji yote, taa haina tena nguvu ya kuwakusanya samaki mahali pamoja, na mafuta ya mashine yanateketea bure. Kwa hiyo wakati wa mbalamwezi, kwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi kuwa mpevu, boti zinavutwa nchi kavu. Wanaume wanashona nyavu, wanaziba nyufa, na wanalala nyumbani kwao.

Ndoa ya mvuvi inakwenda kwa hesabu hiyo. Katika usiku wa giza mke hulala peke yake, na hilo si huzuni, ni kazi. Shoga yangu alikuwa amelala peke yake usiku wa giza kwa zaidi ya miaka 15. Mwili wake ulizoea kitanda kitupu kwa sehemu kubwa ya mwezi. Usiku aliokuwa na mume ni ule wa mbalamwezi: ndipo walipokula pamoja chakula cha moto, ndipo walipogombana, ndipo walipopanga ada na bati la jikoni. Sasa giza likiingia, nafsi yake inamwambia mume yuko ziwani, naye analala. Mwezi ukikua, nafsi inamngoja, na mlango haufunguliwi.

Tulizoea sote kuhesabu kwa tarehe: wiki, arobaini, eda, mwaka. Majonzi yake yalifuata mwezi wa ziwa, yakirudi upya kila mbalamwezi, na kwenye kalenda ya ukutani usingeona kitu. Nikaacha kumtembelea kila ilipotokea nafasi. Nikawa natazama juu. Mwezi ukishapita nusu na kuanza kujaa, napanga safari ya Ujiji.

Sasa ni namna gani ya kwenda. Nilikuwa sifiki na kukaa kama mgeni wa msiba, mikono magotini. Nilikwenda na kazi. Mchele wa kuchambua, nguo ya kushona pindo, au dagaa wa kuondoa mchanga. Watu wawili wakiwa na ungo katikati yao wanaweza kunyamaza robo saa na hakuna anayeona haya, na mtu akitaka kusema jambo zito analisema akitazama ungo. Nilifika alasiri, tukapika, nikalala hukohuko. Kulala ndiko kulikokuwa na maana, kwa sababu shida yake ilikuwa ya usiku. Mtu anayefika saa nne asubuhi na kuondoka kabla ya adhuhuri anamkuta mwanamke aliyeoga, anayetabasamu, ambaye ameshavuka sehemu ngumu bila yeye.

Na nilimtaja marehemu. Si kwa "marehemu" wala "mwenzio", bali kwa jina alilokuwa akiitwa mwaloni, jina la utani lenye mzaha ndani yake ambalo sitaliandika hapa. Mara ya kwanza nilipolitaja, tukichambua mchele, aliacha kuchambua. Nikasema, "Huyu angekuwepo angeshalalamika mawe." Akalia, kisha akacheka, kisha akanisimulia kisa cha ugali uliokuwa na mchanga mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kisa ambacho nakijua tangu zamani na nikakisikiliza kama kipya. Baadaye akaniambia kwamba tangu atoke eda hakuna mtu aliyelitaja jina hilo nyumbani kwake, na alishaanza kulitamka mwenyewe chooni ili asilisahau linavyosikika. Wale waliokwepa kumkumbusha walidhani amesahau kidogo. Hakuwa amesahau hata saa moja.

Kulikuwa na siku hataki mtu. Hilo nalo ni haki yake, na niliziba nafasi hiyo kwa ujumbe wa simu wenye neno la mwisho lilelile: "usinijibu." Ukimwandikia mfiwa "nijulishe kama unahitaji chochote" umempa kazi mbili, kwanza kufikiri anahitaji nini, pili kuomba. Mimi niliandika, "Kesho napitia sokoni, nakuletea migebuka miwili, ukiwa umelala namwachia mtoto." Akitaka kukataa, atakataa migebuka, si mimi.

Lakini hesabu yangu ya mwezi iliharibika mapema, na hapa nilijifunza zaidi kuliko mahali pengine. Mwaka huo wa 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Eda yake iliisha wiki ya pili ya kufungwa kwa ziwa, na mwezi ulikuwa mpevu. Fikiria ilivyokuwa mtaani kwake. Boti zote ziko nchi kavu, kwenye giza na kwenye mwanga. Kila mume yuko nyumbani, kila jioni, kila baraza lina mwanaume anayekunywa kahawa na kulalamika hana hela. Ilikuwa mbalamwezi ya miezi mitatu. Ile kinga aliyokuwa nayo, ile ya kuamini usiku wa giza kwamba mume yuko kazini, iliondolewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa kazini. Alisema, "Hata mume wa fulani, yule asiyekaa nyumbani, yupo."

Na hela ilikatika wakati huohuo. Yeye biashara yake ni kununua dagaa wabichi, kuwaanika juu ya vichanja na kuwauza kwa wachuuzi wa treni. Ziwa likifungwa hakuna wa kuanika. Rambirambi zilikwisha kwenye gharama za msiba wenyewe na arobaini. Wenzake wa mwaloni nao walikuwa wakavu, kwa hiyo hata mwenye moyo hakuwa na mkono. Nilimwona akikonda, na sikuweza kujua upesi kama ni huzuni au ni njaa. Nikaanza kula naye ili nione anakula nini. Chakula kikiwepo alikula vizuri. Basi ile ilikuwa njaa, na dawa yake ilikuwa unga, si maneno. Ningependa kila anayekwenda kumfariji mjane aanze kwa kuchungulia jikoni kabla hajafungua mdomo.

Ndani ya miezi hiyo pia yakaja mambo ya mirathi. Kikao cha ukoo kilimchagua shemeji yake mkubwa kuwa msimamizi, wakafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, na orodha hiyo haiwezi kuandikwa vizuri bila mke, kwa sababu ndiye anayejua nyavu zipi zilikuwa za marehemu, zipi za mwenye boti, na nani alikopa nini. Shemeji hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto anapata thumuni, moja ya nane, na shoga yangu alilijua hilo. Tatizo lake halikuwa sheria. Tatizo lilikuwa kukaa mezani na kutaja kitu kimoja kimoja cha mtu aliyekufa: taa ngapi, betri ngapi, baiskeli. Nilikaa pembeni yake nikiandika, yeye akitaja. Alipofika kwenye koti la mvua alishindwa, nikaandika "koti la mvua" na kumuuliza habari za betri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote siku hiyo, na sidhani kama nimewahi kumfaa zaidi.

Kuna wanaume wawili waliovua na marehemu ambao walitaka kumjulia hali wakaogopa maneno ya watu. Kwetu mwanaume hawezi kuingia nyumbani kwa mjane aliyetoka eda bila mtaa kuhesabu dakika. Nikawaambia waje na wake zao, wakae barazani, mchana kweupe. Walikuja. Hawakusema mengi, walisimulia safari moja ya upepo wa kusini ambayo mke hakuwahi kuisikia, kwa sababu wavuvi hawasimulii nyumbani jinsi walivyonusurika. Alisikiliza kama anayepewa kitu cha mumewe kilichokuwa kimekopwa. Baada ya hapo mmoja wa wale wake akaanza kumwita kwenye shughuli, na mlango mmoja ukafunguka.

Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti, lakini mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, hivyo boti zilianza kuingia kwa nguvu siku za baadaye, giza liliporudi. Usiku ule taa zilipoonekana tena kwenye upeo wa ziwa alinipigia simu. Nilitegemea kilio. Alikuwa anauliza bei ya ndoo ya dagaa wabichi Kibirizi. Alilala vizuri wiki hiyo, na mwezi ulipokua tena hakulala, kama zamani. Kwangu hilo lilikuwa nafuu, kwa sababu maumivu yenye ratiba unaweza kuyapangia mtu wa kulala naye.

Kuna kitu kimoja kilinitia hofu, na sitaki kukiruka. Nina ndugu muuguzi, na nilimuuliza nitajuaje kama haya si majonzi tena bali ni ugonjwa. Aliniambia nisihesabu machozi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu 2022, linayatambua majonzi yaliyopitiliza kama ugonjwa, na halianzi hata kulifikiria jina hilo kabla ya miezi sita, tena mila na dini ya mtu vikiwa vimezingatiwa. Akasema, tazama mwendo. Je, kuna siku nzuri katikati ya mbaya, na zinaongezeka? Anaweza kufanya kazi, kuoga, kumsikiliza mtoto? Au kila kitu kimesimama palepale kama wiki ya kwanza, siku zote, bila kupanda wala kushuka? Shoga yangu alikuwa na mawimbi. Alikuwa akishuka na kupanda. Hilo lilinituliza.

Lakini muuguzi alisema pia kwamba kuna swali lazima liulizwe waziwazi, na kwamba kuliuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Nikaliuliza, usiku, taa imezimwa: "Kuna siku unatamani usiamke?" Akakaa kimya, kisha akasema, "Kutamani kumfuata, nimetamani. Kufanya kitu, hapana, nina mtoto na nina Mungu." Nikamuuliza tena, siku iliyofuata, ili aone kwamba jibu lake halikunitisha. Angejibu vingine, au angeanza kugawa vitu vyake na kuaga, tungekwenda Hospitali ya Maweni asubuhi hiyohiyo, na nilikwishapanga ni nani angebaki na mtoto.

Mwaka wa mwandamo ulipotimia, Rajabu iliporudi, watu walikuja tena, wakasoma, wakala, wakaondoka. Ilikuwa vizuri. Yeye mwenyewe alisema siku ile haikuwa ngumu, mwezi ulikuwa bado mchanga.

Sasa anafanya biashara kwa hesabu ileile iliyomtesa. Kwenye giza ananunua na kuanika. Kwenye mbalamwezi dagaa wanaadimika, bei inapanda, naye anapakia viroba vyake kwenye treni na kwenda kuuza Tabora. Juzi nilimpigia kumwambia nakuja kulala. "Mwezi huu usije," akasema, "mimi siko, nina mzigo." Nikamwagiza asali. Alirudi na karanga, akasema asali ya Tabora imepanda bei na mimi siwezi kuonja tofauti, na deni langu la nauli ya bajaji la tangu mwezi wa nne bado analikumbuka.